Majaribio si muda wa kusubiri

"Mfanyakazi wangu mpya yuko kwenye majaribio, si nimwache tu miezi sita iishe ndipo niamue?"

Hapana. Mara nyingi wiki ya nne inatosha, ukiangalia kosa linavyojirudia. Chukua mtunza stoo: leja inasema mifuko 40 ya saruji, iliyopo ni 37. Mwanzoni huo ni ugeni. Muonyeshe kuandika kila mfuko unapotoka, asingoje jioni akumbuke. Akibadilika, hata polepole, mpe muda. Akiendelea vilevile baada ya kuelekezwa, kazi hiyo haimfai. Ila hakikisha kwanza nani mwingine ana funguo za stoo. Hapo ndipo watu huonewa.

Kwa Tanzania, Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinamtaka mwajiri amweleze dosari, amsikilize na ampe muda wa kujirekebisha. Basi mwite wiki hiyohiyo, muandike lengo na tarehe: hesabu ya kila Ijumaa ilingane na leja kwa wiki tatu. Isipolingana, mwachishe kwa notisi; anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza, ni siku 28.