Picha haziendi tena kwenye wingu: simu moja ya Kadutu, vizuizi vitatu

Mwezi wa tatu alinijia mama mshonaji wa Kadutu, hapa Bukavu. Kila gauni analomaliza hulipiga picha kabla mteja hajalichukua, na picha hizo ndizo anazowaonyesha wateja wapya. Simu yake ilikuwa imeanguka kwenye ngazi, kioo kikapasuka. Nilipokuwa nikikibadilisha dukani kwangu Nyawera nikamuuliza kama picha zake ziko salama. Akanijibu bila wasiwasi: «Ziko kwa Google, mwanangu. Mtoto aliniwekea hiyo mambo zamani.»

Nilifungua Google Photos, nikagusa picha ya akaunti juu kulia. Picha ya mwisho iliyopanda kwenye wingu, yaani kwenye hifadhi ya Google ya mtandaoni, ilikuwa ya mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili. Picha 1.140 na video 38 zilikuwa ndani ya simu tu, na hazikuwa mahali pengine popote. Angekuwa ameidondosha ile simu ndani ya Ruzizi, kazi ya miezi mitatu ingekwenda nayo.

Ninaieleza simu hii kwa sababu haikuwa na ugonjwa mmoja. Kila nilipoondoa kizuizi, kingine kilijitokeza nyuma yake, na hapo ndipo watu wengi hukata tamaa: wanarekebisha kitu sahihi, hawaoni mabadiliko, wanadhani walikosea.

Nilianza na nafasi ya akaunti. Google humpa kila mtu gigabaiti 15 za bure, lakini hizo si za picha peke yake. Barua za Gmail, mafaili ya Drive na picha vinakula sahani moja. Hadi katikati ya mwaka 2021 picha zilizopunguzwa ubora hazikuhesabiwa. Tangu tarehe 1 Juni 2021 kila picha mpya inahesabiwa. Halafu, kuanzia 2024, nakala ya akiba ya WhatsApp kwenye simu za Android nayo ikaanza kuhesabiwa humo humo. Watu wengi hawakulisikia hilo, na kwetu, ambako kila familia, kila kanisa na kila likelemba lina kikundi chake, ndilo linalojaza akaunti haraka kuliko picha zenyewe.

Ili kuona nani amekula nini, fungua ukurasa huu kwenye kivinjari ukiwa ndani ya akaunti yako:

```
one.google.com/storage
```

Kwa yule mama ilionyesha hivi: picha gigabaiti 7,9, WhatsApp 6,2, barua 0,9. Jumla 15 kamili. Dalili nyingine ya akaunti iliyojaa ni kwamba barua pepe nazo haziingii tena. Mtu anakuambia amekutumia ujumbe, wewe huoni kitu. Yeye hakuwahi kutumia barua pepe, kwa hiyo hakuna kilichomshtua.

Hapa nataka uende pole pole na kidole chako. Jambo la kwanza alilotaka kufanya ni kufuta picha za zamani ndani ya Google Photos ili «apate nafasi». Picha ikishapanda, ukiifuta ndani ya programu hiyo inafutika kwenye simu na kwenye wingu pamoja. Kuna kitufe kingine, kwa Kifaransa kinaitwa «Libérer de l'espace», ambacho huondoa kwenye simu zile tu ambazo tayari zimepanda na kuziacha kwenye wingu. Hicho kinasaidia simu iliyojaa, hakisaidii akaunti iliyojaa. Watu huchanganya hizo nafasi mbili kila wiki mbele yangu: simu yenye gigabaiti 128 na akaunti yenye gigabaiti 15 ni ghala mbili tofauti.

Kwa hiyo hatukugusa picha. Tuliingia WhatsApp, kwenye mipangilio ya mazungumzo, tukaondoa video kwenye nakala, kisha tukafuta video nzito za vikundi viwili vilivyokuwa vimejaa mahubiri na harusi za watu asiowajua. Nakala mpya inachukua nafasi ya ile ya zamani, hazirundikani. Kutoka gigabaiti 6,2 ikashuka hadi 1,4, nasi tukapata 4,8.

Zilizokuwa zinasubiri zilikuwa nzito kuliko hapo. Picha 1.140 za megabaiti 3 kila moja ni gigabaiti 3,4, na video zake zilikuwa na 2,3. Jumla 5,7. Nikabadilisha ubora wa kuhifadhi, kutoka ule wa asili hadi ule wa kubana nafasi. Kwa picha za simu yake, megabaiti 3 zilishuka hadi karibu 1 na nusu, na gauni lilibaki linaonekana vizuri mpaka kwenye mshono. Ukichapisha bango kubwa utaona tofauti. Kumwonyesha mteja kwenye simu, hapana. Sasa mzigo wote ulikuwa karibu gigabaiti 4. Unaingia.

Ujumbe wa kujaa ukaondoka. Picha hazikupanda.

Programu ikaandika kwamba inasubiri waifai. Mama akanionyesha alama ya waifai juu ya kioo: «Si hii hapa?» Ilikuwepo kweli. Ilikuwa hotspoti ya simu ya mwanawe.

Hili ndilo ningependa kila mtu wa Bukavu alielewe, kwa sababu wengi wetu hatuna waifai ya nyumbani, tuna simu ya ndugu. Simu ya Android inapogawa intaneti, inaiambia simu inayopokea kwamba mega hizi ni za kununua. Simu inayopokea inaweka alama kwenye mtandao huo: waifai, ndiyo, lakini inayohesabiwa. Na programu iliyoagizwa kupandisha kwa waifai tu inatafuta waifai isiyohesabiwa. Kwa hiyo inakaa kimya, na kwa kweli inamlinda mwenye mega. Anayeangalia alama juu ya kioo anaona ubishi usioeleweka, kumbe simu inajua kitu ambacho yeye hajui.

Unaweza kuibadilisha alama hiyo. Ingia kwenye mipangilio ya waifai, gusa jina la mtandao wenyewe, tafuta sehemu ya matumizi ya mtandao, kisha chagua usihesabiwe. Kazi inaanza papo hapo. Lakini fikiri kwanza: gigabaiti 4 zitatoka kwenye mega za nani? Kwa yule mama zingetoka kwa kijana ambaye alikuwa amejinunulia kifurushi cha gigabaiti 2 za wiki nzima. Sikubadilisha.

Kinyume chake pia hutokea, nacho kinauma zaidi. Vile visanduku vidogo vya waifai vinavyowekwa laini ndani mara nyingi haviiambii simu chochote. Simu inadhani imefika kwenye waifai ya bure, inapandisha kila kitu usiku mmoja, asubuhi mega zimekwisha na hakuna anayejua zilikokwenda. Ukiwa na kisanduku kama hicho, ingia mahali pale pale kwenye mipangilio ya waifai, uchague mtandao huo uhesabiwe.

Wanaokaa Nguba na kando ya Ruzizi wana tatizo lao la pekee: simu ikishika mtandao wa ng'ambo, wa upande wa Kamembe, inajihesabu iko nje ya nchi, na Google Photos ina kizuizi chake cha hali hiyo. Huo ni ulinzi mzuri, usiuondoe.

Kama huna waifai kabisa, ndani ya sehemu ya «Sauvegarde» ya Google Photos kuna ruhusa ya kutumia mega za simu ikiwa na kikomo cha kila siku, cha megabaiti chache. Kwa mtu anayepiga picha chache inatosha. Kwa mzigo wa gigabaiti 4 haitoshi. Niliunganisha simu kwenye waifai ya duka langu, ambayo hupandisha kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde. Hesabu yake ni saa nne na nusu, kama umeme haukatiki.

Namba ya zinazosubiri kupanda ikaanza kushuka: 1.178, 1.171, 1.160. Mama akafunga kioo, akakaa kunisubiri. Baada ya nusu saa nikafungua: 1.158.

Hapo tukafika kwenye kizuizi cha tatu. Picha zilipanda kioo kikiwa wazi, zikasimama kilipozimika. Jaribio hili hunitosha kila mara: andika namba, funga kioo, ngoja dakika ishirini, angalia tena. Kama namba haijasogea wakati waifai ni nzima, simu ndiyo inayoizuia programu kufanya kazi nyuma ya kioo.

Tangu mwaka 2015 Android hulaza programu simu inapotulia bila chaja, ikiziruhusu kuamka kwa vipindi. Hiyo peke yake huchelewesha tu. Kinachoua kabisa ni vile watengenezaji wa simu wengine walivyoongeza wenyewe juu yake, na ile hali ya kuokoa betri. Hapa kwetu watu huiwasha hali hiyo asubuhi mpaka jioni kwa sababu hawajui umeme utarudi lini. Ninawaelewa. Lakini ikiwashwa, kazi za nyuma karibu zote zinasimama.

Kwa simu hii niligusa mahali patatu. Kwenye mipangilio, «Applications», kisha Photos, kisha «Batterie», niliondoa vizuizi. Ndani ya programu ya kusimamia simu iliyokuja nayo kutoka kiwandani, niliruhusu Photos ijiwashe yenyewe. Na kwenye orodha ya programu zilizofunguliwa karibuni niliiwekea kufuli, kwa sababu mama alikuwa na desturi ya kufagia zote kwa kidole, na kwenye simu nyingi za bei nafuu kufagia ni kuua. Hali ya kuokoa betri nilimwomba aizime kila anapochomeka chaja. Mwenye iPhone hana mahali hapo patatu. Simu yake hujiamulia yenyewe, na njia ya uhakika ni kuichomeka chaja, kufungua Photos na kuiacha kioo kikiwa wazi.

Tulirudia jaribio. Dakika ishirini, kioo kimefungwa: 1.158 zikawa 1.035.

Umeme ulikatika mara mbili, ikachukua siku mbili. Alipokuja kuchukua simu namba ilikuwa sifuri, lakini sikumpa kwa sababu ya sifuri hiyo. Nilifungua photos.google.com kwenye kompyuta yangu, akaandika neno lake la siri mwenyewe, tukatafuta gauni la kijani la Noeli. Lilikuwepo, na video yake ya mteja akizunguka. Kisha akatoka kwenye akaunti mbele yangu.

Kuna kilichobaki. Akaunti yake sasa ina kama gigabaiti 0,8 wazi, yaani picha mia tano hivi. Kwa mwendo wake wa picha kumi kwa siku, zitajaa kabla ya mwezi wa tano kwisha. Nimemwandikia kwenye karatasi, ndani ya kava la simu, tarehe 1 Mei: siku hiyo afungue ule ukurasa wa nafasi, aanze na WhatsApp.