Mali ya Mtu Dukani Kwako: Namna ya Kuiandika Vitabuni

Yapo maduka ya Darajani na Mkunazini, mjini Unguja, yanayouza mali ambayo wenye duka hawakuinunua. Mwenye mali huileta, duka likauza kwa bei yake, kisha likachukua kamisheni. Hesabu huharibika pale mzigo unapoandikwa kama manunuzi ya duka, na mauzo yote yakaandikwa kuwa mapato yake.

Tuchukue mfano. Kikundi cha kina mama wa Pemba kimeleta sabuni 200 za mwani, kila moja iuzwe shilingi 5,000, na kamisheni ya duka ni asilimia 15. Siku mzigo unapopokelewa, hakuna cha kuandika kwenye leja, kwa sababu duka halijanunua wala halijakopa. Kinachotakiwa ni daftari la pembeni, ukurasa mmoja kwa kila mwenye mali: tarehe, idadi iliyoingia, iliyouzwa, iliyorudishwa na iliyobaki. Sabuni hizo ziwekwe rafu yake mbali na bidhaa za duka, maana zikichanganyika hata hilo daftari halisaidii.

Mwisho wa mwezi zimeuzwa 120, fedha taslimu 600,000. Fedha hizo zimo mkononi mwa duka, lakini ni amana ya kikundi: debiti fedha taslimu, krediti akaunti ya kikundi. Kamisheni ni 90,000: debiti akaunti ya kikundi, krediti mapato ya kamisheni. Kama duka lilitangulia kulipa nauli ya mzigo kwenye boti, tuseme 20,000, na mapatano yanasema nauli ni ya kikundi, hiyo si gharama ya duka. Nayo inaingia debiti ya kikundi. Kikundi kinabaki kudai 490,000.

Kwa hiyo mapato ya duka ni 90,000 tu. Anayeandika 600,000 ataona biashara imekua, huku fedha nyingi alizonazo ni za wengine, na hapo ndipo wenye duka wanapozitumia kununulia mzigo mwingine wakashindwa kulipa.

Sabuni 80 zilizobaki haziingii kwenye bidhaa za duka wakati wa kufunga hesabu. Zinabaki kwenye vitabu vya kikundi, kwa gharama ya kuzitengeneza pamoja na fungu lake la nauli, ingawa ziko Unguja.

Lakini lazima zihesabiwe kwa mkono, na afadhali mbele ya mtu wa kikundi. Tuseme zimeonekana 77. Daftari linasema 80, basi tatu zimepotea. Kama mapatano yanalibebesha duka upotevu, na yanasema lilipe bei ya kuuzia, duka litaandika debiti hasara 15,000, krediti akaunti ya kikundi. Kamisheni haikatwi hapo, kwa kuwa hazikuuzwa. Zingekuwa zimelowa kwenye boti kabla hazijafika dukani, hasara ingekuwa ya kikundi, na duka lingezipunguza kwenye daftari la pembeni tu, kwa hati iliyosainiwa na pande zote mbili.