Umelia kazini? Usirudi mbio kujieleza

Wiki iliyopita nimeisikia tena: "Nilirudi haraka nikawaeleza wote, wasije wakanifikiria vibaya." Mimi ni mshauri nasaha, na wengi wanaokuja kwangu ni waajiriwa wa madukani na maofisini hapa Dar es Salaam. Kinachowaleta mara nyingi si kile kilio. Ni maneno waliyoyatoa katika dakika tano zilizofuata, ambayo sasa hawawezi kuyarudisha.

Dhana: Ukishalia mbele ya watu, rudi upesi uwaeleze sababu

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa hiyo nitaikalia.

Chukua mteja wangu mmoja, keshia wa duka kubwa (nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike). Hesabu yake ya jioni ilipungua shilingi 45,000. Asubuhi yake, kwenye kikao cha kuanza kazi, msimamizi akalitaja jambo hilo mbele ya wenzake wanane. Dada huyu alikuwa na usiku wa pili bila usingizi, mwanawe amelazwa kwa nimonia. Machozi yakamtoka. Akakimbilia chooni, akanawa uso, na baada ya dakika nne akawa amerudi, amesimama mbele ya kaunta: "Jamani samahani, mtoto amelazwa, na baba yake…" Hapo sauti ikakatika, akalia upya, safari hii kwa kwikwi. Kufika mchana hata mlinzi wa getini alikuwa na habari za ndoa yake. Msimamizi, ambaye alishaondoka kwenda stoo, hakujua kwamba kuna mtoto hospitalini.

Alikosea mara mbili: muda aliouchagua, na watu aliowachagua.

Tuanze na muda. Machozi yakikauka, mwili bado haujatulia. Mapigo ya moyo yako juu, pumzi ni fupi, na misuli ya koo bado imekaza. Kuna utafiti uliofanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2015, ambapo watu walioneshwa filamu za huzuni kisha wakapimwa hali zao. Waliolia walijisikia vibaya zaidi mara tu baada ya filamu, wakarudi walivyokuwa mwanzo baada ya dakika 20 hivi, na kwenye dakika ya 90 wakawa afadhali kuliko kabla ya kuanza. Filamu si mtoto aliyelazwa, lakini mpangilio huo naukuta pia kwa wateja wangu. Dakika ya nne ni wakati mbaya wa kufungua mdomo. Tena kusimulia sababu ni kuirudia sababu yenyewe, kwa hiyo unakiwasha upya kile ulichokuwa unakizima.

Ningependa angefanya hivi. Kabla ya kutoka kikaoni, aseme sentensi moja tu: "Naomba dakika kumi na tano, narudi." Asitaje sababu. Kisha atoke nje, atembee hata kuzunguka jengo, badala ya kujifungia chooni ambako kila anayeingia atamuuliza kulikoni. Avute pumzi kwa hesabu ya nne, aitoe polepole kwa hesabu ya sita, kwa dakika tatu au nne. Apenge kamasi, kwa sababu sehemu ya machozi hushukia puani, na pua iliyojaa humlazimisha mtu kuhema kwa mdomo. Macho asiyafikiche, maana kufikicha ndiko kunakoongeza uvimbe. Kitambaa kilicholowa maji baridi kiwekwe juu ya kope zilizofumbwa, dakika mbili au tatu. Wekundu hautaisha wote, na haidhuru.

Kipimo cha kujua umetulia ni sauti, si kioo. Sema kwa sauti ya kawaida jambo lisilohusiana na kilichokuliza, kwa mfano bei za vitu vitano dukani. Ukifika mwisho bila koo kukaba, rudi. Likikaba, ongeza dakika tano.

Akirudi, wenzake watamwambia "pole". Jibu ni "Asante, nimeshapoa," halafu aendelee na kazi. Waliobaki wakimuuliza zaidi, "Tutaongea siku nyingine" inatosha, na siku hiyo si lazima ifike. Watu wengi huhofia kwamba ukimya utazaa umbeya. Mimi naona kinyume chake: umbeya unataka habari, na mwenye kuumwagia habari ni yule aliyerudi kujieleza.

Sasa watu. Katika kisa hiki alikuwepo mtu mmoja wa kuelezwa, naye ni msimamizi. Sababu ni kwamba jambo lile lingegusa kazi siku zinazofuata. Ningemwambia amfuate faragha mchana ule au asubuhi ya pili, akiwa ameshakula, kwa maneno haya au yanayofanana nayo: "Bosi, nililia kikaoni. Mwanangu amelazwa tangu Jumatatu. Naomba nipangiwe zamu ya asubuhi wiki hii ili jioni niwe wodini. Ile elfu arobaini na tano naomba tuipitie pamoja kwenye risiti." Kilichotokea, ninachoomba, na kazi iliyobaki. Baba wa mtoto hayumo, na hana sababu ya kuwamo.

Kutomweleza msimamizi kulimgharimu pia haki yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 4 za likizo yenye malipo mtoto wake anapougua. Wenzake wanane hawakuwa na uwezo wa kumpa hata siku moja.

Dhana: Jikaze, bana pumzi, yatarudi yenyewe

Kubana pumzi hukaza kifua na koo, na pumzi hiyo ikitoka hutoka kama kwikwi. Lile donge kooni ni misuli inayovutana: njia ya hewa inataka kupanuka, wewe unameza kuifunga. Mafunda madogo ya maji hulilegeza kuliko kumeza mate kwa nguvu. Ukiwa bado kikaoni, hesabu kimyakimya kutoka 100 ukipunguza saba saba. Haizuii kila kilio, lakini mara nyingi inakupa muda wa kufika mlangoni.

Dhana: Machozi hutoa sumu, kwa hiyo lia mpaka umalize

Machozi ya hisia yana protini zaidi kuliko yale ya kitunguu, na kutoka hapo watu wakaruka hadi kwenye "sumu". Hakuna ushahidi kwamba mwili unajisafisha kwa njia hiyo. Kiasi chenyewe ni kidogo mno, figo ndizo zenye kazi hiyo. Kulia si kosa, ila usijilazimishe kuendelea ukidhani kuna kitu kimebaki ndani.

Dhana: Kila kilio kazini ni uchovu tu

Hapana, na hapa sitaki mtu achelewe. Kama unalia karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, na usingizi au hamu ya chakula imebadilika, au huoni tena ladha ya mambo uliyoyapenda, nenda hospitali ukapimwe sonona. Aliyejifungua miezi ya karibuni asingoje hata hizo wiki mbili. Ukipata mawazo ya kujidhuru, nenda leo.

Na kama anayekuliza ni mtu mmoja yuleyule, kwa matusi au kwa kukushikashika, ushauri wangu wa kunyamaza haukuhusu. Ukishatulia, andika siku hiyohiyo: tarehe, saa, maneno yenyewe aliyoyatamka, na nani alikuwepo. Daftari libaki nyumbani, si kwenye droo ya ofisi.