Mdalasini wa kila siku: maswali kutoka Mtwara

Shikamoo daktari. Niko Shangani, Mtwara. Mama yangu ana kisukari, uzito wake kilo 50. Tangu mwaka jana anakoroga unga wa mdalasini kwenye uji, kijiko cha chai asubuhi na kingine jioni. Jirani anasema upo mdalasini unaoharibu ini. Ni kweli?

Marahaba. Jirani ana hoja, ila inategemea ni mdalasini upi. Dukani jina hilo moja hubeba magome ya miti tofauti ya ukoo mmoja. Upo mdalasini wa Sri Lanka, ambao ndio uliopandwa pia Zanzibar, Madagaska na Shelisheli. Na ipo kasia, inayotoka zaidi China, Indonesia na Vietnam. Yote miwili hunukia na yote miwili hukolea kwenye chai. Kinachotuhusu hapa ni kumarini, kemikali ya asili iliyomo ndani ya gome. Kwenye kasia ni nyingi, kwenye mdalasini wa Sri Lanka ni kidogo mno.

Tupige hesabu ya mama. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya imeweka kiwango ambacho mtu anaweza kukila kila siku maisha yake yote bila wasiwasi: miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa kilo 50 ni miligramu 5 kwa siku. Kijiko cha chai kilichosawazishwa huchukua takribani gramu 2.5 za unga, kwa hiyo viwili ni gramu 5. Kasia hubeba wastani wa miligramu 3 za kumarini kwa kila gramu, ingawa gome na gome hutofautiana. Kama unga wa mama ni kasia, anapata takribani miligramu 15 kwa siku, mara tatu ya kiwango. Ungekuwa wa Sri Lanka, kwa kawaida zisingefika hata nusu miligramu. Na hapo nimehesabu kijiko cha kusawazisha. Wazee wetu wengi huchota kwa kilima.

Kuvuka kiwango hicho si sawa na kula sumu. Kimewekwa chini kwa makusudi, na watu wengi wakikivuka hawapati lolote. Lakini wapo wachache ambao ini lao haliwezi kuistahimili kumarini, na hakuna njia ya kumjua mtu wa namna hiyo kwa kumtazama. Kwa hao, vimeng'enya vya ini hupanda kwenye damu, na wachache hupata homa ya ini kabisa. Kwa kawaida ini hurudia hali yake mtu akiacha.

Nikienda sokoni nitautambuaje kwa macho?

Usiutazame ubavuni, geuza kijiti uangalie kichwa chake, pale kilipokatwa. Mdalasini wa Sri Lanka ni matabaka mengi membamba yaliyopachikwa moja ndani ya jingine, kama kurasa za gazeti zilizoviringishwa pamoja, na ndani karibu hakuna nafasi. Kasia ni gome moja nene, kingo zake mbili zimejikunja kuelekea ndani, na katikati pana uwazi.

Kisha tumia vidole. Wa Sri Lanka una rangi ya kahawia iliyopauka, ni mwepesi, na ukiubana unavunjika na kumeguka vipande. Kasia ni ngumu kama kipande cha ubao, rangi yake imekolea na huelekea wekundu, na kwenye kinu itakutoa jasho. Harufu nayo husaidia kidogo: kasia ni kali na hupanda puani, mwingine ni mpole zaidi. Ila harufu peke yake nisingeitegemea, maana gome lililokaa dukani muda mrefu hupoa, hata liwe kasia.

Jihadhari na kasia ya Indonesia. Gome lake mara nyingi huwa laini na jembamba kuliko la China, na kijiti chake kimenyooka vizuri, kwa hiyo humdanganya mtu anayeangalia unene tu. Hesabu matabaka. Likiwa moja, hiyo ni kasia.

Mimi nilichonacho si kijiti. Ni vipande bapa vya magome, muuzaji anasema vimetoka Zanzibar.

Inawezekana kabisa anasema kweli, na hapo ndipo kanuni ya matabaka inapogota. Matabaka yale hayaoti mtini. Ni kazi ya mikono: gome la nje hukwanguliwa, la ndani hubanduliwa likiwa bichi, kisha vipande hupachikwa pamoja na kukaushwa. Mkulima aliyebandua gome na kulianika bila kukwangua atakuuzia vipande vinene, vyenye mikwaruzo, ilhali mti ni uleule wa Sri Lanka. Kwa hiyo matabaka mengi yanakuhakikishia kwamba si kasia, lakini kipande bapa hakikuhakikishii lolote. Hapo unabaki na neno la muuzaji. Kwa matumizi ya mama, ya kila siku tena kwa vijiko, mimi ningechagua kile ninachoweza kukiona mwenyewe.

Na unga wa pakiti?

Hautambuliki kwa macho, hata mimi siwezi. Kama pakiti haisemi ni aina gani, uhesabu kuwa ni kasia. Nunua vijiti, usage nyumbani.

Mama anatumia pia dawa ya kuzuia damu kuganda, inaitwa warfarini. Nimesikia ni kitu kimoja na kumarini.

Ni ndugu wa kikemia tu. Kumarini ya kwenye gome yenyewe haiyeyushi damu kama warfarini. Hata hivyo warfarini husafishwa na ini, na ini likisumbuka kipimo cha dawa kinaweza kuyumba na mgonjwa akavuja damu. Kwa hiyo kliniki wanakompima lazima wajue kuhusu uji huo. Tahadhari hiyohiyo inamhusu anayemeza dawa za kifua kikuu, anayekunywa pombe kwa wingi, na mwenye homa ya ini aina ya B au C.

Sasa nifanyeje, nimkataze?

Asimamishe unga huo kwanza, dawa za kisukari aendelee nazo kama kawaida. Tafiti kuhusu mdalasini na sukari ya damu hazijakubaliana, na hakuna kipimo cha mdalasini kinachochukua nafasi ya metformini. Mpeleke hospitali ya Ligula, umweleze daktari kiasi anachokula na tangu lini, na uombe apimwe ini. Usisubiri siku ya kliniki ukiona macho yamekuwa ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, kuwashwa mwili mzima, au maumivu chini ya mbavu za kulia. Hayo ni ya kwenda siku hiyohiyo. Vipimo vikiwa salama na bado anautaka uji wake, mpe wa matabaka, nusu kijiko.

Na pilau je? Na chai ya viungo ya Ramadhani?

Kuleni. Kijiti kimoja kwenye sufuria ya watu wanane hugawanyika, na chai ya kuchemsha gome huacha sehemu ya kumarini ndani ya gome lenyewe. Mamlaka niliyoitaja ilikubali kwamba hata mara tatu ya kiwango, kwa wiki moja au mbili, haileti wasiwasi. Mtoto ndiye wa kuangaliwa: mwenye kilo 15 kiwango chake ni miligramu 1.5, ambazo hutimia kwa nusu gramu tu ya kasia, yaani ncha ya kijiko. Uji wake wa kila asubuhi usitiwe unga wa pakiti.