Kahawa ya alasiri na usingizi wa usiku

"Mimi kahawa hainisumbui. Nanywa saa kumi, saa nne nimeshalala fofofo. Shida iko wapi?"

Kulala upesi si ushahidi. Tangu tunapoamka, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya ubongoni, hushika vipokezi vya seli za neva na kuzituliza. Ndipo macho huwa mazito. Kafeini, kichangamshi kilichomo kwenye kahawa, ina umbo la kufanana nayo, basi huingia kwenye vipokezi hivyo kama ufunguo unaoingia kitasani usizunguke. Nguvu mpya haileti. Uchovu upo palepale, haujapata tu mlango.

Sasa tazama vile vikombe vidogo vya kahawa chungu ufukoni Lamu, dele likizungushwa baada ya swala ya alasiri. Tuseme umekunywa kafeini miligramu 100 saa kumi. Kwa mtu mzima, nusu huondoka kwa muda wa takriban saa 5: saa tatu usiku zimebaki 50, saa nane 25. Umelala, ndiyo, lakini usingizi mzito umepungua, na kule kuzindukazinduka usiku, asubuhi hukukumbuki. Wajawazito na wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi huiondoa polepole zaidi. Kwao hata ya saa nane mchana huenda imechelewa.