Majumuisho kwenye mahakama ya kuigiza ni nini hasa?

Wengi wakiingia mashindano ya mahakama ya kuigiza chuoni wanadhani majumuisho ni kusimulia upya mashahidi walisema nini, wa kwanza hivi wa pili vile, mpaka taimu inaisha. Hapana jamani. Majumuisho ni ile hotuba ya mwisho, mashahidi wote washamaliza, sasa unamwonyesha jaji kwamba ushahidi aliousikia unampeleka kwenye uamuzi unaoutaka wewe. Hakuna ushahidi mpya hapo, ukitaja kitu ambacho hakuna shahidi aliyekisema jaji anakuuliza hilo limetoka wapi na maksi zinaondoka.

Tuseme kesi ni unyang'anyi wa kutumia silaha, saa 3 usiku, shahidi aliyeona ni mmoja tu na wewe uko upande wa utetezi. Anza na swali: "Mheshimiwa jaji, kwamba mlalamikaji aliporwa hatubishi, tunachobishania ni kimoja, je mshtakiwa ndiye aliyempora?" Hapo ushamtua jaji mzigo wa vitu vingine vyote, maana yeye anasikiliza tu, hana karatasi ya kurudi nyuma kusoma.

Ndo ulete sheria, na kwa Tanzania hapa utaikuta kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri ya 1980, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kutambua mtu kwa macho ni dhaifu sana, mahakama isiutegemee mpaka iridhike kwamba uwezekano wote wa kukosea umeondoka. Inaangaliwa alimuona kwa muda gani, umbali gani, mwanga ulikuwaje, na kama alikuwa anamjua kabla.

Sasa usipange kwa mashahidi, panga kwa hayo maswali. Muda: shahidi alipoulizwa na upande wako maswali ya dodoso alikubali ni sekunde chache. Mwanga: alisema kulikuwa na taa ya duka, ila ilikuwa na mwanga mkali kiasi gani hakusema, na hapa kaa kidogo maana ndo penye nguvu, kusema taa ilikuwepo tu hakumwambii jaji kama sura ilionekana vizuri. Kumjua: hakuwahi kumuona kabla. Umbali ndo unakuumiza, walikuwa hatua mbili tu, liseme mwenyewe kabla jaji hajakuuliza, "ni kweli alikuwa karibu, ila ukaribu wa sekunde chache, kwa mtu mgeni, na kwenye mwanga tusioujua, hauondoi uwezekano wa kukosea".

Usiseme "mimi naamini hana hatia", unachoamini wewe sio ushahidi. Sema upande wa mashtaka haujathibitisha utambuzi pasipo kuacha shaka, omba mshtakiwa aachiwe huru, kaa chini.