Karatasi ya kalamu au mkataba wa wakili?

"Nataka kumkopesha rafiki yangu pesa. Tukiandikiana wenyewe kwa kalamu, korti itaikubali karatasi hiyo, au ni lazima twende kwa wakili?"

Itaikubali. Wengi wetu hapa Mombasa tunaamini kwamba muhuri wa wakili ndio unaolitia deni nguvu, na sivyo. Kwa sheria ya Kenya, hata mkopo wa mdomo unamfunga aliyekopa. Karatasi ni ushahidi tu, kwa hiyo la kutazama ni kama itajibu ubishi utakaozuka.

Na ubishi wenyewe mara nyingi si juu ya kupokea. Tuseme mama muuza nguo Kongowea amemtumia shoga yake shilingi 80,000 kwa M-Pesa, atengeneze injini ya tuktuk. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha kiasi, tarehe na saa, lakini hausemi pesa zilitoka kwa sababu gani. Baadaye shoga anaweza kudai alipewa zawadi, au kwamba mwenzake alitia mtaji na biashara ikala hasara. Madai yote mawili yanazimwa na sentensi moja: "Mimi fulani, kitambulisho nambari fulani, nimekopa kwa fulani shilingi 80,000 (elfu themanini) leo tarehe fulani, na nitazilipa zote kufikia tarehe fulani." Mkopaji atie sahihi, na shahidi asiye jamaa ya yeyote atie yake.

Tarehe ya kulipa isiachwe. Ukiandika "atalipa akipata", ni vigumu kuonyesha siku aliyochelewa, na miaka 6 ambayo sheria inakupa kudai deni la mkataba inaweza kuhesabiwa tangu siku ulipotoa pesa. Akilipa kidogo, andikeni papo hapo kwenye karatasi ileile, naye atie sahihi tena. Malipo ya sehemu huanzisha hesabu hiyo upya.

Deni la kiasi hiki linapelekwa Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na unaweza kujisemea mwenyewe bila wakili.

Ada ya wakili ina maana pale mtu wa tatu au mali inapoingia. Kaka wa mkopaji akisema, "Asipolipa, nitalipa mimi," maneno hayo hayamshiki mpaka yaandikwe na yatiwe sahihi yake, au ya mtu aliyemruhusu kumtilia. Sahihi ya dada yake bila ruhusa hiyo haimfungi. Shamba ndilo linalowaponza watu zaidi. Unakabidhiwa hati, unaifungia kabatini, unajiona umeshika shamba. Huna uwezo wa kuliuza bila amri ya korti. Rehani rasmi ya ardhi hutakiwa iandikwe kwa fomu yake na isajiliwe kwenye ofisi ya ardhi, na ikiwa mkopaji ana mke au mume na hapo ndipo wanapoishi, ridhaa ya mwenzake lazima ipatikane kwanza.